Kutoka meza ya fundi simu hadi karakana ya mafunzo: mwanagenzi afundishwe vipi kutafuta hitilafu ya bodi?

Fundi Mezani

Wakuu, salaam. Kazi yangu ni kutengeneza simu, na pembeni hupokea redio, chaja na vifaa vidogo vya nyumbani. Nina wanagenzi ambao nimekuwa nao kwa muda sasa. Wanabadilisha vioo, betri na tundu la chaji bila kunisumbua, lakini simu iliyozima kabisa ikiletwa, wote wanaisogeza upande wangu wa meza na kunisubiri. Wanapotazama ninavyoitengeneza, wanakumbuka mikono yangu ilikwenda wapi, ila sababu ya kwenda hapo hawaioni, na simu ya pili yenye dalili ileile wanagusa sehemu ileile hata kama hitilafu iko kwingine.

Sasa ninataka kupokea wanafunzi wanaolipa ada, wawe na ratiba na meza yao. Sitaki kuwakabidhi simu za wateja wajifunzie, na simu iliyokufa hailetwi kwa kufuata ratiba ya somo: wiki moja zinakuja nne, wiki nyingine hakuna hata moja. Waliokwisha kupita njia hii, darasa la kutafuta hitilafu mnaliendesha kwa kutumia nini?

Mzee wa Bodi

Ndugu Fundi Mezani, jibu langu ni fupi kuliko maelezo yake: hitilafu zitengeneze mwenyewe. Karakana inayosubiri simu mbovu iingie mlangoni ndipo ifundishe haina mtaala, na mwanafunzi wake atahitimu akijua yale tu yaliyotokea kuletwa wakati akiwa pale.

Chagua aina moja tu ya simu, ile ambayo mabaki yake unayo kwa wingi, na utafute bodi ambazo bado ni nzima ingawa vioo au magamba yao yameharibika. Bodi moja usiiguse kamwe kwa pasi ya kulehemu. Hiyo ndiyo bodi ya kumbukumbu. Somo la kwanza ni kuipima katika hali ya dayodi, bila betri wala umeme wowote, probi nyekundu ikiwa kwenye ardhi ya bodi na nyeusi ikipita pini moja baada ya nyingine za kiunganishi cha betri, cha chaji na cha kioo, kisha kwenye kapasita kubwa zilizo karibu na aisi ya pawa. Kila kipimo kiandikwe kwenye daftari. Laini nyingi zitasoma kati ya 0.3 na 0.6, pini za ardhi zitasoma 0, na pini zisizounganishwa na chochote zitaonyesha OL. Kazi hii inachosha, na wanafunzi watanung'unika, lakini daftari hilo ndilo kitabu chao cha kiada.

Kisha chukua bodi ya pili uipandikize hitilafu. Nitaeleza ile ninayoanza nayo siku zote, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu. Kwenye laini kuu ya pawa, ambayo michoro ya simu nyingi huiita VPH_PWR au VDD_MAIN, tafuta kapasita moja iliyo mbali kidogo na aisi. Iondoe, na mahali pake ulehemu rezista ndogo ya omu 2.2. Kwa simu, hiyo ni shoti kama ya kapasita iliyopasuka ndani. Rudisha bodi kwenye gamba lake, andika hitilafu kwenye karatasi, ifunge kwenye bahasha, halafu mpe mwanafunzi simu pamoja na maneno ambayo mteja angeyasema: ilizima usiku na haiwaki tena.

Mwanafunzi anaondoa betri na kuunganisha pawa saplai iliyowekwa kwenye volti 4, kikomo cha mkondo kikiwa ampia 1. Kabla hajagusa kitufe cha kuwasha, saplai inapanda moja kwa moja hadi ampia 1 na volti zinashuka hadi 2 na kidogo. Hapa ninamsimamisha na kumuuliza zimeshuka kwa nini, na kwa nini zimefika hapo hasa. Akizidisha ampia 1 kwa omu 2.2 ataona kwamba simu yenyewe imemwambia ukubwa wa shoti yake. Simu nzima, kabla ya kubonyeza kitufe, hula mkondo mdogo mno ambao saplai nyingi za mezani huuonyesha kama sifuri, kwa hiyo mkondo mkubwa kabla ya kitufe unamwelekeza kwenye laini zilizounganishwa na betri moja kwa moja, na kumwondolea nusu ya bodi ambayo angeisumbua bure.

Anaondoa umeme, anapima laini kuu katika hali ya dayodi, anapata 0.002 mahali ambapo daftari linasema 0.4. Sasa anajua laini, lakini hajui ni kipande kipi, kwa kuwa juu ya laini hiyo kapasita ni nyingi na zote zitasoma vivyo hivyo. Hapo ndipo tunapoingiza volti. Saplai inashushwa hadi volti 1, kiasi ambacho mkondo wake hautafika nusu ya ampia, na bodi inapakwa moshi wa rozini kutoka kwenye ncha ya pasi mpaka iwe na utando mweupe. Umeme ukiwashwa, utando unayeyuka na kuwa angavu kwanza juu ya kipande kinachopata moto. Mwenye kamera ya joto ataona upesi zaidi, lakini rozini haijawahi kuniangusha, na mwanafunzi asiye na kamera huko aendako atakuwa na kitu cha kutumia.

Kipande kikiondolewa, laini inapimwa tena kabla simu haijafungwa, na saplai inatazamwa tena: mkondo sifuri, kisha kitufe kinabonyezwa, nao unaanza kupanda na kushuka jinsi mfumo unavyowaka. Bahasha inafunguliwa mwisho kabisa.

Lehemu Safi

Mzee wa Bodi umeeleza vizuri, lakini mbona unazunguka sana? Mimi nikishajua kwamba laini ina shoti, ninaingiza volti 4 au 5 na kuachilia mkondo wote wa saplai, kapasita mbovu inaungua yenyewe, kazi imekwisha. Na njia hii inafanya kazi kwenye laini yoyote inayosoma omu chache, kwa sababu omu chache ni shoti. Wanafunzi wafundishwe mambo yanayoleta fedha mezani, hizo rozini ni za maonyesho.

Mzee wa Bodi

Ndugu Lehemu Safi, kwenye laini kuu ya betri una haki nusu. Laini ile imezoea zaidi ya volti 4, kwa hiyo ukiingiza 4 hujazidisha kiwango chake, na ni kweli kapasita yenye shoti hafifu wakati mwingine huungua na kuachia. Lakini 5 tayari umevuka kiwango, kwa kuwa betri ya simu ikijaa haifiki hapo. Tena kipande kinapoungua kwa mkondo usiozuiliwa, huweza kuchoma tabaka za bodi zilizo chini yake, na shoti iliyokuwa juu ikawa ndani, mahali pasipofikika.

Hatari kubwa zaidi iko katika sentensi yako ya pili. Laini zinazolisha viini vya prosesa hufanya kazi kwa volti 1 au pungufu, na kwenye bodi nzima kabisa zinaweza kusoma omu chache tu, hata chini ya hapo. Fundi anayeamini kwamba omu chache ni shoti atazikuta, ataziingizia volti 4, na prosesa itakufa ilhali simu ilikuwa na tatizo jingine dogo tu. Ndiyo maana ninaanza na daftari la bodi nzima. Kipimo kinasema kitu pale tu kinapowekwa kando ya kipimo cha bodi isiyo na ugonjwa.

Na kinachotoa joto kwenye shoti ni mkondo. Mwanafunzi anayeona kipande hakipati moto hukimbilia kuongeza volti, wakati mara nyingi waya zake za saplai ni nyembamba au hazijashika vizuri, na joto linapotelea huko.

Lehemu Safi

Hilo la prosesa nimelikubali. La rozini sijakubali bado: utando wake unaingia chini ya aisi na kwenye viunganishi, na kuusafisha kunachukua muda kuliko uchunguzi wenyewe. Alkoholi safi inatosha, unaipaka na kutazama inakauka wapi kwanza.

Mzee wa Bodi

Kwa shoti yenye joto la kutosha, alkoholi inatosha na ni safi zaidi. Kwa shoti hafifu inakauka kila mahali kabla hujaona kitu. Ninazifundisha zote mbili, kila mtu achague yake.

Mgeni Mtulivu

Samahani wakuu, nami simu yangu inaingiza chaji polepole sana tangu mwezi uliopita, na mkiizungumzia hii laini kuu ninaona kama ndiyo tatizo langu. Je, niingize volti 1?

Mama Koili

Mwanangu, usiingize chochote. Uzi huu unahusu kufundisha mafundi. Jaribu kwanza waya mwingine na chaja nyingine, kisha zima simu na utoe vumbi lililoshindiliwa ndani ya tundu kwa kijiti cha mbao, bila kutumia sindano ya chuma. Ikibaki vilevile, mpelekee fundi apime tundu na betri.

Sasa nirudi kwenye mada, kwa sababu Fundi Mezani amegusia vifaa vya nyumbani na hakuna aliyemjibu. Mimi ni fundi wa pasi, blenda, mashine za kufulia na majiko ya maikrowevu, na nimekuwa nikifundisha. Njia ya kupandikiza hitilafu ninaitumia pia, lakini tofauti yetu ni kwamba mwanafunzi wa simu akikosea, bodi ndiyo inayokufa. Kwangu mimi anaweza kufa yeye.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha darasa langu ni ubao wenye soketi na balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100, iliyofungwa mfululizo kwenye waya wa moto. Balbu ya LED haifai hata kidogo kwa kazi hii. Kifaa chochote kilichofunguliwa kinawashwa kwanza kupitia ubao huo. Tuseme ni saplai ya televisheni: ikiwa nzima, balbu humulika mara moja wakati kapasita kubwa inajaa, kisha hufifia. Ikiwa na shoti, balbu inabaki inawaka kwa nguvu, lakini hakuna kitu kinacholipuka, kwa sababu balbu yenyewe imebeba umeme. Kwa pasi au hita somo hili halifai vilevile, kwani kifaa kizima cha namna hiyo nacho kitaiwasha balbu kwa nguvu, na mwanafunzi lazima alijue hilo mapema asije akahukumu pasi nzima kuwa ni mbovu.

Jambo la pili ni kapasita ya upande wa umeme mkubwa. Penye umeme wa ukutani wa volti 230, kapasita hiyo hujaa hadi karibu volti 325, na kama saplai imekufa inaweza kubaki imejaa hata baada ya plagi kuchomolewa. Mwanafunzi anapima kwanza, kisha anaipunguza kwa rezista ya kilo-omu 2 hivi yenye wati 5 au zaidi, iliyofungwa kwenye probi mbili zenye vishikio, halafu anapima tena. Mafundi wengi wamezoea kuigusisha bisibisi. Ninaona alama za cheche kwenye bisibisi zao wanapokuja kuomba kazi, na hizo alama zinanieleza habari zao kabla hawajafungua mdomo.

Maikrowevu siifundishi kwa wanaoanza. Transfoma yake hutoa volti 2000 hivi, na ikishapitia kapasita na dayodi, magnetroni hupata karibu 4000. Mkondo wake unatosha kuua bila kumpa mtu nafasi ya kuachia. Wanafunzi wangu huona maikrowevu iliyokwisha kutolewa kapasita, wanajifunza swichi za mlango na fyuzi, basi. Kuna wenzangu wanaoniona mwoga, na sijabadilisha msimamo.

Fundi Mezani

Nawashukuru nyote. Mama Koili, ubao wa balbu nitautengeneza kabla ya kitu kingine chochote.

Mzee wa Bodi, nimejaribu hitilafu yako ya omu 2.2 na ilinionyesha jambo ambalo sikulitarajia: mwanagenzi aliye hodari zaidi kwa kubadilisha vioo ndiye aliyechelewa kuliko wote, kwa kuwa alishika bloa mara moja na kuanza kupasha moto aisi ya pawa, akisema kwamba simu zinazozima tatizo lake huwa hapo. Asiyesifika kwa mikono alikaa na multimita kimya na akaipata.

Nina maswali mawili. La kwanza: bodi za mazoezi zinakwisha upesi. Baada ya kulehemu na kulehemua mara kadhaa, vikanyagio vya kapasita vinang'oka. La pili: nitampimaje mwanafunzi, maana akitumia bahati akapata kapasita sahihi, anaonekana sawa na aliyefikiri?

Waya Mwembamba

Kwa swali la kwanza, sisi tuna ubao wa swichi. Tunalehemu waya mwembamba wa enameli mara moja tu kwenye laini tunayoitaka, tunaufunga kwa gundi ili usivutwe, na kuupeleka nje kwenye swichi ndogo yenye rezista. Mwalimu akiwasha swichi ya tatu, laini ya kioo inakwenda ardhini, akiwasha ya tano, laini kuu. Tena unaweza kukata laini badala ya kuipeleka ardhini: unaondoa rezista iliyo njiani, unatoa waya mbili kutoka kwenye vikanyagio vyake, na swichi inakuwa ndiyo daraja. Bodi moja inafundisha kundi zima na pasi haiigusi tena.

Mzee wa Bodi

Ubao wa Waya Mwembamba ni mzuri kwa masomo ya kupima, na nitauiga. Una mpaka mmoja: rezista iko nje, kwa hiyo joto nalo litatokea nje, na somo la rozini halitafanyika. Tena kwa laini zinazopitisha data kwa kasi, waya mrefu wenyewe unakuwa hitilafu, hata swichi ikiwa imezimwa. Basi laini za pawa zipeleke kwenye swichi, na bodi za kulehemu uzitumie kwa yale yanayohitaji joto tu.

Ili vikanyagio vidumu, mara ya kwanza unapoondoa kapasita changanya lehemu ya kiwandani na lehemu yenye risasi. Ile ya kiwandani isiyo na risasi huyeyuka kuanzia nyuzi 217 hivi, yenye risasi ya kiwango cha 63 kwa 37 huyeyuka kwa 183. Tofauti hiyo inapunguza moto ambao mwanafunzi atautumia kila mara inayofuata. Kinachong'oa vikanyagio mara nyingi ni subira kukosekana: mwanafunzi anavuta kipande kwa koleo kabla lehemu haijayeyuka pande zote mbili. Chumba kiwe na feni ya kuvuta moshi nje, maana moshi wa flaksi wa mtu mmoja si sawa na wa watu wanane.

Kwa swali la pili, mwanafunzi wangu hapewi pasi wala bloa mpaka ajaze karatasi ya uchunguzi na niisaini. Anaandika dalili, mkondo kabla na baada ya kitufe, vipimo vitatu vinavyotofautiana na daftari, kipande anachokishuku, na mwisho swali ambalo wengi hulichukia: ni kipimo gani kingeonyesha kwamba umekosea? Aliyebahatisha hana cha kuandika hapo. Ninampa alama kwa karatasi, na kulehemu ninakupima siku nyingine, kwa kazi nyingine. Huyo mwanagenzi wako wa vioo mwache na karatasi hii, atalalamika kidogo kisha atakuwa fundi mzuri kuliko wote, kwa kuwa mikono tayari anayo.

Lehemu Safi

Lakini lini anagusa simu ya mteja? Mwanafunzi aliyezoea hitilafu za bahasha anajua kwamba hitilafu ipo na ni moja. Simu iliyoanguka majini ina kumi, na nyingine zitaonekana baada ya wiki mbili. Mimi ningemweka kwenye simu za wateja mapema, nikiwa pembeni yake.

Mama Koili

Mteja amekuachia wewe picha zake na ujumbe wake, hakumwachia mtu anayejifunza. Wanafunzi wasishike simu ya mteja mpaka wawe wameajiriwa na karakana, na hata hapo, neno la siri lisiandikwe kwenye kibandiko kilichobandikwa nyuma ya simu kama ninavyoona katika karakana nyingi.

Mzee wa Bodi

Hapa ninagawanyika. Lehemu Safi anasema kweli kuhusu maji, na hakuna upandikizaji wangu unaofanana na kutu iliyotambaa chini ya aisi. Mimi hununua simu zilizokufa kwa maji kutoka kwa wenye nazo waliokata tamaa, baada ya wao kukubali kwa maandishi, na hizo ndizo za mwezi wa mwisho. Nyingi haziponi. Kama hilo linatosha kuchukua nafasi ya mteja wa kweli, sijaridhika bado.

Fundi Mezani

Nimeanza daftari la bodi ya kwanza. Swali la mwisho: ikija simu ambayo sina bodi pacha yake wala mchoro, nimwambie mwanafunzi alinganishe na nini?

Waya Mwembamba

Mwambie alinganishe bodi na yenyewe. Laini nyingi zimejengwa kwa jozi. Pini mbili za data kwenye tundu la chaji zinapaswa kusoma karibu sawa, na laini za kioo na za kamera pia huenda mbilimbili. Moja ikisoma 0.38 na jirani yake 0.12 au OL, umepata pa kuanzia bila mchoro. Kwa laini za pawa mbinu hii haisaidii, kwa kuwa hazina jozi. Huko utarudi kwenye mkondo wa kabla ya kitufe na joto.